Vencha au praiveti ekwiti: zinavyotofautiana, na kwa nini mwenye akiba ndogo hawezi kuingia wala kutoka kirahisi

Mifuko ya vencha na ya praiveti ekwiti hutajwa pamoja kana kwamba ni kitu kimoja, kwa sababu yote hununua sehemu ya kampuni ambazo hisa zake kwa kawaida haziuzwi kwenye soko la hisa. Ukitaka kuilinganisha sawasawa, usianze na faida inayoahidiwa. Anza na kutoka: pesa ikishaingia, nani atakuja kuinunua sehemu hiyo, baada ya miaka mingapi, na bei yake itajulikanaje? Majibu ya maswali hayo ndiyo yanayotenganisha aina hizi mbili, na ndiyo yanayoeleza kwa nini mtu mwenye shilingi milioni mbili tatu za akiba haalikwi.

Kila mfuko unanunua nini

Mfuko wa vencha huweka pesa kwenye kampuni changa, ile ambayo bado inapata hasara na pengine hata haijajua itamuuzia nani. Hununua sehemu ndogo, mara nyingi chini ya robo, na kampuni ikikua huongeza pesa kwa awamu. Hautegemei mkopo, kwa kuwa kampuni isiyo na mapato ya uhakika haiwezi kulipa riba. Mfuko wa praiveti ekwiti hutafuta kampuni iliyokwisha kusimama: ina wateja, ina hesabu zilizokaguliwa, pengine inamilikiwa na familia iliyochoka au inayotaka kufungua matawi. Hununua sehemu kubwa, aghalabu yote, kisha hubadilisha uongozi, hubana gharama, hupanua biashara na kuiuza.

Tofauti hiyo inaonekana ukiziweka Copia na Java House bega kwa bega.

Copia ilianza Kenya mwaka 2013. Iliwauzia watu wa vijijini na mitaa ya mijini bidhaa za nyumbani kupitia mawakala: unaagiza kwa mwenye duka, mzigo unaletwa dukani kwake. Januari 2022 ilitangaza kwamba imepata dola milioni 50 katika awamu moja. Mwaka 2023 iliondoka Uganda, na Mei 2024 ikawekwa chini ya wasimamizi wa ufilisi. Wateja ilikuwa nao. Kilichoiua ni kwamba kupeleka unga na mafuta ya kupikia hadi kijijini kulikula faida ndogo iliyokuwamo ndani ya bei, na mwaka ambao waweka mitaji duniani walifunga mikono, hakukuwa na awamu nyingine ya kuziba pengo. Biashara ya vencha inaishi kwa awamu inayofuata. Awamu ikikosekana, kampuni inaweza kufa ndani ya miezi michache hata kama mauzo yanapanda.

Java House, ile migahawa ya kahawa iliyoanza Nairobi mwaka 1999, ilikuwa tayari inauza kahawa na chakula kila siku pale mfuko wa ECP ulipoingia mwaka 2012. Matawi yakaongezeka na kuvuka mpaka. Mwaka 2017 ECP ikauza kwa Abraaj, kampuni ya Dubai ya kusimamia mifuko ya namna hii. Abraaj ilipoanguka, mwaka 2019 usimamizi wa mfuko uliokuwa na Java ukahamia kwa kampuni nyingine ya kazi hiyo, Actis. Wamiliki watatu katika miaka saba, na wakati wote huo vikombe vya kahawa viliendelea kuuzwa. Mwenye mfuko wa praiveti ekwiti anaweza kupata hasara kubwa, lakini mara nyingi huwa kuna kitu kinachobaki mezani cha kumuuzia mwingine.

Hesabu ya faida

Tuseme mfuko wa vencha una dola milioni 100. Meneja hutoza asilimia 2 kila mwaka, na kwa miaka kumi hiyo inaweza kufika milioni 20. Kwa hiyo zinazofika kwenye kampuni ni milioni 80. Agawe kwa kampuni 20, milioni 4 kila moja. Kumi zife kabisa. Sita zirudishe kile kile kilichowekwa, jumla milioni 24. Tatu zirudishe mara tatu, jumla milioni 36. Hadi hapo kampuni 19 zimerudisha milioni 60, na wawekezaji walitoa 100. Kila kitu sasa kinaning'inia kwenye kampuni ya ishirini. Ikirudisha mara 50, yaani milioni 200, mfuko una milioni 260, faida ni 160, meneja anachukua asilimia 20 ya faida hiyo ambayo ni milioni 32, na wawekezaji wanabaki na milioni 228. Isipotokea, wamepoteza mbili kwa tano ya pesa yao.

Namba hizi nimezitunga kwa mfano, lakini sura yake ndiyo ya biashara hii tangu ilipoanza. Mwaka 1957 kampuni ya ARD ya Boston, iliyoanzishwa mwaka 1946 na kuongozwa na Georges Doriot, iliweka dola 70,000 katika kampuni changa ya kompyuta iitwayo Digital. Hisa za Digital zilifunguliwa kwa umma mwaka 1966, na baadaye thamani ya sehemu ya ARD ikapita dola milioni 350. Uwekezaji huo mmoja ulibeba sifa ya kampuni nzima. Ndiyo maana mtu akikwambia amekupatia nafasi katika kampuni changa moja "yenye uhakika", anakuuzia kitu ambacho hata mameneja wa kazi hii hawathubutu kukinunua peke yake.

Praiveti ekwiti haisubiri muujiza wa mmoja kati ya ishirini. Huwa na kampuni kama nane hadi kumi na tano, na kila moja inatazamiwa kufanya vizuri kiasi. Katika nchi za Magharibi injini yake kubwa ni mkopo. Nunua kampuni kwa milioni 50: toa 20 zako, kopa 30, deni liandikwe juu ya kampuni yenyewe. Baada ya miaka mitano faida ya kampuni imelipa milioni 10 za deni. Ukiuza kwa 70, unatoa deni la 20, unabaki na 50. Umepata mara mbili na nusu, ilhali kampuni yenyewe imepanda bei kwa mbili kwa tano tu. Lakini geuza upande: faida ikidorora, deni likabaki 25 na bei ikashuka hadi 40, unabaki na 15, nawe ulitoa 20. Ununuzi wa RJR Nabisco, kampuni ya Marekani ya sigara na biskuti, uliofanywa na kampuni ya praiveti ekwiti ya KKR, uliokamilika mwaka 1989 kwa dola bilioni 25 hivi, ndio uliofanya ulimwengu ujue mtindo huu. Huku Afrika Mashariki mkopo hutumika kwa kiasi kidogo zaidi, kwa kuwa riba ya mikopo ya shilingi ni kubwa mno. Mameneja wa hapa hutegemea zaidi kampuni ikue kweli.

Pesa inavyoingia

Hapa aina zote mbili zinafanana, na hapa ndipo mwekezaji mdogo anapoanza kuachwa. Mfuko hauchukui pesa yako siku ya kusaini. Unatoa ahadi. Ukiahidi dola milioni moja, meneja atakuwa anakuita kadiri anavyopata kampuni za kununua: asilimia 15 mwezi wa pili, asilimia 20 mwaka unaofuata, asilimia 8 baadaye kwa ajili ya ada. Kila mwito huwa na siku za kulipa, mara nyingi kumi za kazi. Hujui wa pili utakuja lini. Ukishindwa kulipa, mikataba mingi inamruhusu meneja akutoze riba, akunyime mgawo, au akunyang'anye sehemu ya ulichokwisha kuweka na kuwagawia wenzako. Adhabu ni kali kwa makusudi, kwa sababu meneja akishasaini kununua kampuni hawezi kumwambia muuzaji kuwa mmoja wa wawekezaji wake ameuguliwa na mama.

Mfuko kwa kawaida una umri wa miaka 10, na mkataba huruhusu kuongeza mwaka mmoja, kisha mwingine. Miaka minne au mitano ya kwanza ni ya kununua, iliyobaki ni ya kukuza na kuuza. Katika miaka ya mwanzo karatasi zako zitaonyesha hasara hata kama mambo ni shwari, kwa kuwa ada inatoka kila robo mwaka na kampuni bado hazijauzwa. Tena ada hiyo, katika miaka ya ununuzi, huhesabiwa juu ya ahadi yote, si juu ya kilichokwisha kuitwa. Umetoa milioni 0.2, lakini ada inahesabiwa juu ya milioni 1.

Meneja pia huwa na kizingiti kabla ya kuchukua mgawo wake wa asilimia 20: wawekezaji kwanza warudishiwe pesa yao yote pamoja na faida, mara nyingi ya asilimia 8 kwa mwaka. Kizingiti hicho hutumika sana kwenye praiveti ekwiti. Kwenye vencha, hasa Marekani, mara nyingi hakipo. Ukilinganisha mifuko miwili, hicho ni kifungu cha kutafuta kabla ya kingine chochote.

Kwa nini haiuziki

Watu wengi hudhani pesa imefungwa kwa sababu meneja ameamua kuifunga. La. Imefungwa kwa sababu kilichonunuliwa hakina soko. Hisa ya benki iliyoorodheshwa Dar es Salaam au Nairobi ina bei ubaoni kila siku ya kazi, na mtu usiyemjua anaweza kuinunua. Asilimia 30 ya kiwanda cha maziwa haina bei mpaka apatikane mnunuzi mmoja maalumu, apeleke wakaguzi wake, wanasheria wabishane miezi sita, na mamlaka ya ushindani itoe kibali. Bei unayoiona kwenye ripoti ya robo mwaka ni makadirio ya meneja mwenyewe.

Hata kampuni ikiwa tayari sokoni, sehemu kubwa haitoki haraka. Kampuni ya praiveti ekwiti ya Helios ilinunua karibu robo ya Equity Bank mwaka 2007, mwaka mmoja tu baada ya benki hiyo kuorodheshwa Nairobi, kwa takriban shilingi bilioni 11 za Kenya. Ilianza kuiuza mwaka 2014 na kumaliza mwaka uliofuata. Hiyo ni moja ya biashara za praiveti ekwiti zilizofanikiwa sana katika ukanda huu, na bado ilichukua kama miaka saba. Kwa kampuni isiyo sokoni njia ni tatu: kumuuzia kampuni kubwa ya sekta hiyo, kumuuzia mfuko mwingine kama Java ilivyouzwa, au kuuza hisa kwa umma. Njia ya tatu huku kwetu ni nyembamba. Tangu Safaricom mwaka 2008, kampuni zilizouza hisa kwa umma Nairobi kwa mara ya kwanza ni za kuhesabu, na Dar es Salaam ni vivyo hivyo.

Kuna njia ya mwekezaji mwenyewe kuuza nafasi yake ndani ya mfuko kwa mwekezaji mwingine. Inahitaji ridhaa ya meneja, na mnunuzi hutaka punguzo, kubwa zaidi kadiri ulivyo na haraka.

Sasa mtu atauliza: kwa nini wasitengeneze mfuko wa watu wengi, wa kuingia na kutoka utakapo, ukaweka ndani yake kampuni hizi? Uingereza walijaribu kitu cha namna hiyo, na kilichotokea kinafaa kusimuliwa polepole.

Neil Woodford alikuwa meneja maarufu, na mfuko wake wa hisa uliwaruhusu watu wa kawaida kutoa pesa siku yoyote ya kazi. Wakati wa kilele chake, 2017, ulikuwa na pauni bilioni 10 hivi. Kanuni zilisema mfuko wa aina hiyo usiweke zaidi ya asilimia 10 kwenye hisa zisizo sokoni, lakini Woodford alipenda kampuni changa za dawa na teknolojia, pamoja na kampuni ndogo ambazo hisa zake zipo sokoni kwa jina lakini haziuziki kwa wingi. Hisa zake nyingine zikaanza kufanya vibaya, watu wakaanza kutoa pesa. Ili awalipe ilibidi auze kile kinachouzika, yaani hisa za kampuni kubwa. Kila aliyetoka aliondoka na pesa taslimu, na kila aliyebaki akabakiwa na mfuko uliojaa zaidi vitu visivyouzika. Asilimia 10 ikawa inavukwa bila hata kununua kitu kipya, kwa sababu mfuko wenyewe ulikuwa unanywea. Juni 2019 halmashauri ya Kent ilitaka kutoa pauni milioni 263 kwa mkupuo. Mfuko ukafungwa siku hiyo, ukiwa na pauni bilioni 3.7 ndani yake, na haukufunguliwa tena. Oktoba ikaamuliwa uvunjwe.

Dalili zilikuwapo kwa aliyekuwa anasoma ripoti: mfuko unaopungua huku sehemu ya hisa zisizouzika ikipanda. Kwa hiyo mifuko ya vipande ya kwetu, kama Mfuko wa Ukwasi wa UTT AMIS ya Tanzania unaolipa ndani ya siku chache za kazi, inapokaa kwenye amana za benki na dhamana za serikali, haifanyi hivyo kwa uvivu. Ahadi ya kukulipa haraka ndiyo inayoamua kinachoweza kununuliwa.

Kwa nini mlango umefungwa kwa wadogo

Sababu ya kwanza ni ya kisheria. Ukitaka kuuzia umma, lazima uandae waraka wa matarajio, uidhinishwe na mamlaka ya masoko ya mitaji, na uendelee kutoa taarifa. Mifuko hii hukwepa gharama hiyo kwa kuuzia watu wachache waliochaguliwa, na sheria inakubali kwa sharti kwamba hao wachache waweze kujitetea wenyewe. Marekani wameweka kipimo wazi: uwe na kipato cha zaidi ya dola 200,000 kwa mwaka, au 300,000 pamoja na mwenzi wako, au mali ya zaidi ya dola milioni moja bila kuhesabu nyumba unayoishi. Msomaji aliyeko Minneapolis asidhani ameonewa akikataliwa. Tanzania na Kenya mantiki ni ile ile ya kutenganisha ofa ya umma na ofa ya watu binafsi.

Ya pili ni ile miito ya pesa niliyoieleza. Mwenye akiba ndogo anaishi kwa akiba hiyo: ada za shule, matibabu, paa lililovuja. Hawezi kuweka pesa pembeni ikisubiri mwito usiojulikana tarehe yake, na hapo hapo asiiguse kwa miaka kumi.

Ya tatu huwa haizungumzwi vya kutosha: uwezo wa kuuliza maswali mambo yakiharibika. Rudi kwa Abraaj. Ilidai kusimamia karibu dola bilioni 14, na moja ya mifuko yake ilikuwa ya afya, dola bilioni moja, kwa ajili ya hospitali katika nchi kadhaa, Kenya ikiwemo. Wawekezaji waliitwa, wakalipa, lakini hospitali zilizokusudiwa hazikuwa zinanunuliwa wala kujengwa kwa kasi ya pesa iliyoitwa. Taasisi ya Gates na wenzake wachache, mmoja wao shirika la IFC la Benki ya Dunia, wakataka kuonyeshwa pesa ambayo haijatumika iko wapi. Majibu hayakuwaridhisha, wakaajiri wachunguzi. Mambo yakatoka hadharani mapema mwaka 2018, na kufikia Juni Abraaj ilikuwa mahakamani Visiwa vya Kaimani ikiomba wafilisi wa muda. Mwaka 2019 mamlaka ya huduma za fedha ya Dubai iliitoza faini ya dola milioni 315, na mfuko wa afya ukapewa meneja mwingine, TPG.

Angalia wawekezaji walichoweza na wasichoweza. Hawakuweza kutoa pesa yao na kuondoka, hata wao wakubwa. Walichoweza ni kusoma taarifa kwa makini, kugundua kwamba mwito umetangulia matumizi kwa muda mrefu mno, kuungana, kulipia wachunguzi, na kumbadilisha meneja. Mtu mwenye dola elfu tano asingeweza hata kimoja kati ya hivyo. Nikisikia mtu akidai kwamba mlango umefungwa ili matajiri wale peke yao, hiyo ndiyo kesi ninayomkumbusha. Katika uwekezaji usio na njia ya kutoka, ulinzi pekee ni nguvu ya kumbana meneja, na nguvu hiyo hugharimu pesa nyingi.

Ukiweka pamoja

| | Vencha | Praiveti ekwiti | Hatifungani au vipande |
|---|---|---|---|
| Faida inatoka wapi | kampuni moja au mbili kati ya nyingi | ukuaji wa kila kampuni, na mkopo | riba ya serikali na benki |
| Hasara ya kawaida | nusu ya kampuni kufa | deni kubwa, kununua ghali | bei kushuka riba ikipanda, mfumuko wa bei |
| Muda | miaka 10 hadi 12 au zaidi | miaka 10 hivi, malipo huanza mapema kidogo | siku chache, au kuuza sokoni kwa bei ya siku |
| Bei anaipanga nani | awamu ya mwisho na meneja | meneja, kwa kulinganisha na kampuni zinazofanana | soko, au hesabu ya kila siku |

Uchague nini, basi

Kama wewe ni mdhamini wa mfuko wa pensheni au unasimamia fedha za taasisi, ningeanza na praiveti ekwiti kabla ya vencha. Malipo huanza kurudi mapema zaidi, kampuni zina hesabu za kukagua, na tofauti kati ya meneja bora na wa kawaida si kubwa kama kwenye vencha, ambako usipopata mameneja wa juu ni afadhali ungebaki na hatifungani. Kenya, kanuni za mamlaka ya mafao ya kustaafu zinaruhusu skimu kuweka hadi asilimia 10 ya mali katika aina hizi mbili. Hapo ndipo mfanyakazi wa kawaida anapoweza kuwa na kipande chake bila kujua. Ukitaka kujua, omba ripoti ya mwaka ya skimu yako na utafute mstari wa uwekezaji huo.

Kama wewe ni mwenye akiba binafsi, kuna milango midogo iliyo wazi, na kila mmoja una bei yake. Unaweza kununua hisa za kampuni ya uwekezaji iliyoorodheshwa, kama Centum ya Nairobi, ambayo nayo humiliki kampuni zisizo sokoni. Hapo unaweza kuuza wakati wowote, lakini ukwasi huo unalipiwa: kwa miaka mingi bei ya hisa ya Centum imekaa chini sana ya thamani ya mali zake kwa hesabu za kampuni yenyewe. Yaani soko linakata punguzo la mapema kwa kile kisichouzika. Aliyeko Ulaya ana mifuko ya muda mrefu iitwayo ELTIF; tangu Januari 2024 kanuni mpya zimeondoa kile kiwango cha chini cha yuro 10,000, ila pesa bado inakaa miaka. Marekani, tangu 2016 mtu yeyote anaweza kununua hisa za kampuni changa kupitia majukwaa yaliyosajiliwa, kwa kiasi chenye ukomo, na kwa ujumla haruhusiwi kuziuza ndani ya mwaka wa kwanza.

Lakini mlango ambao wengi wetu tunakutana nao kweli ni ule wa ndugu au rafiki anayeanzisha kampuni na kukuomba milioni kadhaa kwa ajili ya hisa. Hiyo ni vencha bila meneja, bila kampuni nyingine 19. Kabla ya kutoa, omba kuona rejista ya wanahisa iliyosajiliwa BRELA, au kwa Kenya ile hati ya CR12 inayoonyesha wanahisa, uhakikishe jina lako litaingia humo na si kwenye karatasi tu iliyosainiwa hotelini. Kisha uliza kama kuna mfuko ulioingia au utakaoingia ukiwa na haki ya kulipwa kwanza. Kifungu hicho kinaumiza kimyakimya. Mfuko ukiweka dola milioni 5 kwa robo ya kampuni ukiwa na haki hiyo, na kampuni ikauzwa kwa milioni 6, mfuko unachukua 5 zake, na milioni moja iliyobaki ndiyo mnayogawana nyote wengine. Wewe uliyedhani asilimia 2 yako ni dola 120,000, kwa kuwa asilimia 2 ya milioni 6 ndivyo ilivyo, utapata kama 27,000.

Na mtu akikuletea "mfuko wa vencha" unaolipa gawio kila mwezi na kuruhusu kutoa pesa muda wowote, huhitaji kusoma zaidi. Kampuni changa hazina gawio la kila mwezi, na hisa zake hazina mnunuzi wa muda wowote. Kama malipo yanakuja, yanatoka kwa mtu aliyejiunga baada yako. Leseni yake itafute mwenyewe kwenye orodha ya mamlaka ya masoko ya mitaji, CMSA kwa Tanzania au CMA kwa Kenya, usiridhike na picha ya cheti aliyokutumia.